Dakika 40 za Glopu Moja

Daftari la maandalio ya somo hujulikana kwa mbali. Aghalabu ni kaunta buku lenye gamba gumu, kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula, na pembeni mwake kuna sahihi ya mwalimu wa taaluma au mwalimu mkuu. Katika shule za msingi za Tanzania, kila ukurasa huanza kwa mambo yale yale: tarehe, darasa, kipindi, muda, idadi ya wavulana na wasichana walioandikishwa, idadi ya waliohudhuria. Chini yake hufuata umahiri, lengo mahususi, zana na rejea. Kisha linakuja jedwali la hatua za somo, lenye safu ya muda, safu ya kazi za mwalimu, safu ya kazi za wanafunzi na safu ya upimaji. Mwisho kabisa zimebaki nafasi mbili fupi zinazosubiri kipindi kiishe: tathmini na maoni.

Karatasi hiyo mzazi haioni. Mwanafunzi naye haioni. Lakini ndiyo inayoamua kama mtoto atarudi nyumbani akiwa amewasha taa kwa mkono wake, au akiwa amenakili ubaoni sentensi tatu kuhusu umeme.

Tuchukue kipindi kimoja tu. Ni darasa la tano, somo la sayansi, mada ya saketi ya umeme, dakika 40, wanafunzi 54 kwenye daftari la mahudhurio. Mwalimu ameketi jioni, kalamu mkononi, ukurasa mweupe mbele yake. Aanze wapi?

Wengi huanzia juu, kwa sababu ukurasa huanzia juu. Wanajaza tarehe, wananakili umahiri kutoka kwenye muhtasari, wanaandika lengo, wanagawa dakika, na wakifika kwenye upimaji, mkono umeshachoka. Hapo huandikwa maneno matatu, "maswali ya mdomo", na daftari linafungwa. Mwalimu aliyezoea kufundisha sayansi huanza upande wa pili. Kabla hajaandika lolote, hujiuliza: kipindi kikiisha, nitamwona mtoto akifanya nini ambacho leo asubuhi asingeweza kukifanya?

Jibu la swali hilo ndilo lengo mahususi, na hapo ndipo maandalio mengi huteleza. Lengo la kawaida husomeka hivi: "Mwanafunzi aelewe saketi ya umeme." Tatizo ni kwamba kuelewa hakuonekani kwa macho. Watoto 54 wanaweza kuitikia "Ndiyo, mwalimu!" kwa sauti moja, na mwalimu asijue ni wangapi wameelewa na ni wangapi wamefuata mkumbo. Mmarekani Robert Mager, katika kitabu kidogo alichokitoa mwaka 1962 kuhusu uandishi wa malengo ya kufundishia, alishauri lengo liwe na mambo matatu: tendo linaloonekana, mazingira ya kulifanyia, na kipimo cha kukubalika. Kwa ushauri huo, lengo la kipindi chetu linageuka kuwa hivi: "Hadi mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi, akipewa betri moja, glopu moja na waya mmoja, aweze kuwasha glopu, na akionyeshwa michoro minne, aweze kubainisha inayowaka na isiyowaka na kutaja sababu."

Ni sentensi ndefu, lakini imeshafanya nusu ya kazi. Vifaa vimo ndani yake, shughuli imo, na mtihani umo pia.

Mtu anaweza kusema jambo lenyewe ni jepesi mno kwa darasa la tano. Betri moja, waya mmoja, taa moja, kuna nini hapo? Mwaka 1997 kituo cha Harvard-Smithsonian nchini Marekani kilitoa filamu iitwayo Minds of Our Own. Ndani yake wahitimu wa MIT, chuo cha teknolojia chenye sifa dunia nzima, wanapewa vitu hivyo hivyo vitatu siku ya mahafali, wengine wakiwa bado na majoho. Wanasema wataweza. Baadhi yao wanashindwa.

Sababu ya kushindwa inajulikana. Katika miaka ya 1980, Roger Osborne wa New Zealand na wenzake waliwahoji watoto kuhusu taa na betri, wakakuta mawazo yanayojirudia. Wapo wanaodhani waya mmoja unatosha: umeme unatoka kwenye betri, unafika kwenye taa, basi, kama maji yanavyotoka bombani na kuingia ndooni. Wapo wanaodhani umeme unatoka ncha zote mbili za betri, ukagongana ndani ya taa na kutoa mwanga. Na wapo wanaodhani taa inakula mkondo, kwa hiyo unaorudi kwenye betri ni mdogo kuliko uliotoka. Wazo la kwanza ndilo mwalimu wetu analilenga leo. Nalo halikuzuka hewani: mtoto ameona taa ya nyumbani ikining'inia kwenye kamba moja, na chaja ya simu ina kamba moja. Hajaona kwamba ndani ya kamba hiyo mna nyaya mbili.

Kwa hiyo andalio linakuwa utabiri wa kosa ambalo watoto watalifanya, pamoja na njia ya kulitoa hadharani kabla kengele haijagongwa.

Zana ndizo zinazofuata, na hapa andalio halitakiwi kuandika "betri, glopu, waya" kisha likanyamaza. Wanafunzi 54 wakigawanywa katika vikundi vya watu sita wanakuwa vikundi tisa. Zinatakiwa betri tisa kubwa za tochi, za volti 1.5, na moja ya akiba. Zinatakiwa glopu tisa na mbili za akiba, kwa sababu glopu huanguka. Vinatakiwa vipande kumi vya waya, kila kimoja sentimita 20, vikiwa vimechunwa ncha zote mbili hadi shaba ionekane.

Glopu ndiyo yenye ujanja. Ile ya tochi ya zamani, yenye uzi mwembamba ndani, huwa na maandishi madogo kwenye shingo yake ya chuma. Ikisomeka 2.5V, itawaka kwa betri moja, ila kwa mwanga hafifu wa rangi ya machungwa. Darasani, jua likiingia dirishani, kikundi kinaweza kuwa kimefaulu bila kujua. Hivyo andalio linaandika kando ya zana: "Wazibe kwa kiganja ili waone mwanga." Glopu iliyoandikwa volti nyingi zaidi, kama ya tochi ya betri tatu, kwa betri moja huenda isionyeshe mwanga wowote, na watoto watahitimisha kwamba wamekosea kumbe wamepatia.

Siku hizi tochi nyingi zina vitaa vya LED badala ya glopu za uzi, na glopu zenyewe si rahisi kuzipata madukani. LED nyeupe inahitaji karibu volti 3, yaani betri mbili zilizofuatana, na inawaka upande mmoja tu: ukigeuza miguu yake, haiwaki. Inafaa kufundishia, lakini inaleta jambo la pili ndani ya kipindi. Mtoto akikosa mwanga hatajua kama kosa ni njia isiyokamilika au miguu iliyogeuzwa. Mwalimu mwenye LED pekee afadhali azitie alama ya wino kwenye mguu wa chanya kabla ya kipindi, na swali la upande alihifadhi kwa siku nyingine.

Kuna vitu viwili ambavyo andalio huvikataza kwa maandishi. Hakuna kugusa soketi ya ukutani. Na hakuna kutumia betri ya gari, ya pikipiki au ya sola kama mbadala, kwa sababu nyaya zikigusana betri hizo hutoa mkondo mkubwa unaoweza kuunguza mkono mara moja.

Vifaa vikipatikana, hujaribiwa siku moja kabla, kimoja kimoja. Glopu isiyowaka hukaguliwa uzi wake dhidi ya mwanga; ukiwa umekatika, hiyo ni ya kutupa. Uzi ukiwa mzima, kitako husuguliwa kwa msasa kuondoa kutu, kisha hujaribiwa kwa betri inayojulikana kuwa nzima. Kazi hiyo ni ya robo saa. Usipoifanya jioni, itafanyika asubuhi mbele ya watoto 54, na robo saa ni zaidi ya theluthi ya kipindi.

Sasa linakuja jedwali la hatua. Utangulizi unapewa dakika tano. Mwalimu haanzi kwa "Umeme ni nini?" Anainua betri, glopu na waya, anawaambia kila mmoja achore kwenye daftari lake namna atakavyovipanga vitu hivyo vitatu taa iwake. Hakuna kumwangalia jirani, hakuna jibu la mwalimu. Michoro hiyo ndiyo picha ya vichwa vyao kabla ya somo, na mwalimu akipita kati ya madawati ataona wazo la bomba na ndoo likijirudia: mstari mmoja kutoka kwenye betri hadi kwenye taa.

Dakika 15 zinazofuata ni za kujenga maarifa mapya, na hesabu yake inatakiwa ifanywe kwa kalamu. Tatu zinakwenda kwenye kugawa vifaa. Zinabaki 12. Kikundi kina watu sita na glopu moja. Kikiachwa hivyo hivyo, wawili wenye mikono myepesi watashika, wanne watatazama. Ndiyo maana andalio linakigawa kikundi katika jozi tatu, kila jozi dakika nne kwenye vifaa, huku jozi mbili nyingine zikichora kila mpango uliojaribiwa na kuutia alama ya vema au kosa. Mwalimu anapiga makofi kila baada ya dakika nne. Kazi ya vikundi isiyo na zamu husomeka vizuri kwenye daftari, lakini darasani huwa ni kazi ya wachache.

Katika dakika hizo 12 mambo mawili hutokea karibu kila mara. La kwanza ni shoti. Mtoto anaunganisha waya kutoka juu ya betri moja kwa moja hadi chini yake, glopu haimo njiani au imerukwa, na ghafla anaachia: "Mwalimu, inachoma!" Waya umepata moto, na betri inaisha haraka. Andalio linalotazamia hilo limeshaandika kwenye safu ya kazi za mwalimu: "Waambie mapema: waya ukipata joto, achia papo hapo." La pili ni ukimya. Kikundi kimejaribu mara tano, hakuna mwanga, sasa wanamtazama mwalimu. Kishawishi cha kuwapangia ni kikubwa. Badala yake andalio linampa mwalimu swali la kuuliza: "Hebu iangalieni glopu. Chuma kipo sehemu gani, na kisicho chuma kipo wapi?"

Hapo ndipo siri ilipo. Kitako cha glopu kina sehemu mbili za kupitishia umeme: kinundu kidogo cha risasi chini kabisa, na pete ya chuma inayozunguka ubavuni. Kati yao kuna kitu cheusi kisichopitisha umeme. Uzi wa ndani umefungwa ncha moja kwenye kinundu na ncha nyingine kwenye pete. Umeme ukiingilia kinunduni, lazima upite kwenye uzi ndipo utokee kwenye pete. Kwa waya mmoja, mpango unaowaka ni huu: glopu isimame juu ya betri kwa kinundu chake, waya uguse chini ya betri, ncha yake ya pili iguse ubavu wa glopu. Njia inakuwa duara.

Kikundi kimoja kikiwasha, kelele inasikika hadi darasa la jirani. Vingine hufuata, mara nyingi kwa kuiga, na kuiga huko mwalimu anakuhesabia ndani ya mpango wake kama atakavyoonyesha kwenye upimaji.

Dakika 10 za kuimarisha maarifa ni za mazungumzo. Vikundi vinaleta michoro yao ubaoni, iliyowaka upande mmoja, isiyowaka upande mwingine, na swali linabaki moja: iliyowaka zote zina nini ambacho zile nyingine hazina? Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyesikiliza kanda za vipindi vya sayansi nchini Marekani, alikuta kwamba walimu kwa kawaida husubiri sekunde moja hivi baada ya kuuliza, kisha humtaja mtu au hujibu wenyewe. Waliposubiri angalau sekunde tatu, majibu ya wanafunzi yakawa marefu zaidi na waliojitolea kujibu wakaongezeka. Andalio linaweza kubeba hilo kwa maneno machache kwenye safu ya mwalimu: "Uliza, kisha hesabu hadi tatu kimoyomoyo." Neno "saketi" lenyewe linaandikwa ubaoni hapa, baada ya watoto kuuona mduara, nalo linakuwa jina la kitu wanachokijua.

Kisha inakuja ile sehemu iliyoandikwa kwanza, upimaji, dakika tano. Mwalimu anafungua karatasi ya manila yenye picha nne. Picha A ni mpango ule waliouwasha. Picha B ina waya mmoja kutoka juu ya betri hadi kwenye kinundu cha glopu, bila njia ya kurudi. Picha C ina njia mbili kutoka kwenye glopu, lakini zote zinaishia kwenye ncha moja ya betri. Picha D imegeuzwa: pete ya glopu inagusa juu ya betri, na waya unatoka chini ya betri hadi kwenye kinundu. Kila mtoto, peke yake, kwenye robo ya karatasi, anaandika zinazowaka na sentensi moja ya sababu.

A inawaka na D inawaka. Glopu ya uzi haijali umeme unaingilia upande gani. Picha D imewekwa pale kwa makusudi: aliyeiga jirani yake anakumbuka kwamba "glopu hukaa juu ya betri kwa kinundu", ataikataa D. Aliyeona mduara ataikubali. Swali la mdomo kwa darasa zima lisingeweza kuwatenganisha wawili hao.

Dakika tano za mwisho ni za tafakari na hitimisho, na za kuhesabu vifaa: betri tisa, glopu tisa, waya tisa, kabla mtu hajatoka mlangoni.

Kwa muhtasari, jedwali lote linakaa hivi:

Utangulizi, dakika 5: kila mwanafunzi achore utabiri wake.
Maarifa mapya, dakika 15: kugawa vifaa 3, jozi tatu dakika 4 kila moja.
Kuimarisha, dakika 10: kulinganisha michoro, kutaja saketi.
Upimaji, dakika 5: picha nne, kila mtu peke yake.
Tafakari na hitimisho, dakika 5: kila kikundi kitaje kilichowashangaza, vifaa virudishwe.

Jedwali la namna hii lina kipimo chake chepesi. Soma safu ya kazi za wanafunzi peke yake, kutoka juu hadi chini. Ikiwa inasema kusikiliza, kujibu, kusikiliza, kunakili, basi hilo ni andalio la hotuba, hata kama juu yake pameandikwa "mbinu shirikishi". Ikisema kuchora, kujaribu, kulinganisha, kueleza, kuna sayansi inayotendeka.

Kengele ikishagongwa, karatasi ndogo zinasomwa. Tuseme siku hiyo waliohudhuria ni 51, wasichana 27 na wavulana 24. Kati yao 33 wamepatia picha zote nne na kutaja njia ya kwenda na kurudi. Wengine 11 wameikataa D. Saba bado wanaamini B inawaka. Kwenye nafasi ya tathmini, daftari nyingi zingeandika "somo limeeleweka kwa asilimia kubwa". Mwalimu wetu anaandika hesabu yenyewe, 33, 11, 7, na kwenye maoni anaongeza: "Kipindi kijacho nianze na D, wajaribu kugeuza glopu. Wale saba wagawanywe vikundi tofauti, washike vifaa kwanza." Sentensi mbili hizo ndizo utangulizi wa andalio la kesho, na zimeandikwa na watoto wenyewe.

Mfumo huu una mipaka yake, na walimu huisema wazi. Mwenye vipindi vingi kwa siku, kila kimoja na ukurasa wake, hana jioni ya kupima glopu tisa kwa kila somo. Ndiyo maana maandalio ya mwaka jana hunakiliwa kwa kubadilisha tarehe tu. Kunakili hatua na zana si kosa. Betri ni ile ile. Kinachoharibika ni kunakili tathmini, maana watoto si wale wale. Mwalimu aliyebanwa na muda anaweza kuchukua jedwali la zamani jinsi lilivyo, akaandika upya mambo mawili tu: kosa analolitazamia kwa darasa hili, na swali litakaloonyesha kama limeondoka.

Mzazi naye ana namna ya kusaidia isiyohitaji mkutano wa kamati ya shule. Tochi mbovu iliyolala kabatini mara nyingi ina glopu nzima ndani yake, na redio iliyokufa ina mita moja au zaidi ya waya. Mpe mtoto apeleke shuleni, na akirudi jioni mpe betri na karatasi, mwambie achore picha D.